Ripoti ya tukio lindoni: nani apewe nakala, na lini iandikwe SIRI

Nimekuwa msimamizi wa walinzi mjini Kigoma kwa miaka mingi, na malindo ninayoyazungukia yako Mwanga, Gungu, Ujiji na Kibirizi. Kuandika ripoti ya tukio wasimamizi wengi wanajua. Kinachowashinda ni mstari wa mwisho wa ukurasa, ule ulioandikwa "Nakala kwa", ambao mara nyingi hujazwa kwa mazoea: majina yaliyokuwamo kwenye ripoti ya mwezi uliopita yanahamishiwa kwenye ripoti ya leo bila mtu kujiuliza kila mmoja ataifanyia nini. Mwongozo huu unahusu mstari huo peke yake, na nitautumia kwa tukio moja tangu mwanzo hadi mwisho.

Tuchukue ghala la Kibirizi, karibu na ufuko ambako boti hupakia mizigo ya kwenda Kongo na Burundi. Saa tisa na dakika ishirini usiku, mlinzi anayezunguka anakuta mlango wa nyuma uko wazi, kufuli likiwa limefunguliwa bila kuvunjwa, na watu wawili wakishuka kuelekea majini wakiwa wamebeba mifuko. Anapuliza filimbi na kuwakimbiza, lakini anateleza kwenye mawe na kuumia kifundo cha mguu. Asubuhi hesabu inaonyesha upungufu wa mifuko 14 ya saruji ya kilo 50. Kabla ya saa nne asubuhi, mpagazi mmoja wa pale ufukoni ananivuta pembeni na kuniambia kwamba jana yake jioni alimsikia karani wa ghala akipatana na mwenye boti bei ya kubeba mzigo wa usiku.

Hatua ya kwanza: gawanya maelezo kabla ya kugawa nakala

Tukio hili moja lina mambo matatu ya aina tofauti, na kosa kubwa ni kuyaweka yote kwenye karatasi moja. La kwanza ni yale yaliyoonekana na kuhesabiwa, yaani saa, mlango, kufuli, watu wawili na mifuko 14. La pili ni yale yanayodhaniwa au yaliyosemwa na mtu mwingine, yaani maneno ya mpagazi pamoja na orodha ya watu wenye funguo. La tatu ni jeraha la mlinzi, ambalo lina safari yake ya kisheria isiyotegemea kama mwizi atapatikana au hatapatikana.

Mimi huandika nyaraka tatu. Ripoti ya tukio inabeba jambo la kwanza tu, na ndani yake hakuna jina la mtu anayeshukiwa. Kiambatisho kinabeba jambo la pili. Taarifa ya ajali inabeba la tatu. Ukishagawanya hivi, sehemu kubwa ya ubishi kuhusu usiri huisha yenyewe, kwa sababu hulazimiki tena kuficha ukurasa mzima kwa ajili ya sentensi mbili.

Msomaji anaweza kuuliza kama habari ya kufuli kutovunjwa nayo ihamishiwe kwenye kiambatisho, kwa kuwa inaelekeza kidole kwa wenye funguo. Jibu langu ni hapana. Kufuli lile limeonwa na kila aliyefika ghalani asubuhi, na kuficha jambo ambalo watu wote wameliona kunaifanya ripoti ionekane ina walakini. Kinachostahili kulindwa ni orodha ya majina ya wenye funguo pamoja na kile alichosema mpagazi.

Hatua ya pili: andika sababu mbele ya kila jina

Kwa kila mpokeaji ninaandika sentensi moja inayosema atachukua hatua gani akishaisoma. Sentensi isipopatikana, jina linafutwa. Sentensi ya namna ya "kwa taarifa yake" siihesabu kuwa sababu.

Meneja wa operesheni wa kampuni yetu anapata ripoti na kiambatisho, kwa sababu yeye ndiye mwenye mamlaka ya kuongeza mlinzi wa pili usiku huohuo, kumhamisha aliyekuwa zamu na kuamua nani achunguze. Akinyimwa kiambatisho ataweza kumhamisha mlinzi asiye na kosa na kuliacha tatizo la funguo palepale lilipo.

Polisi wanapata vyote viwili, asubuhi ileile, na namba ya RB inaandikwa kwenye ripoti kabla haijakwenda kwa mtu mwingine yeyote. Sababu ni kwamba wao ndio wenye uwezo wa kisheria wa kukamata, kupekua boti na kuchukua maelezo ya shahidi. Jina la mpagazi halikai kwenye kiambatisho. Ninaandika "shahidi wa kwanza", kisha ninamwambia mpelelezi jina lenyewe ana kwa ana, kwa kuwa bila jina hawezi kumhoji, na kumficha shahidi mbele ya mpelelezi ni kuharibu kesi kwa mikono yako mwenyewe.

Mteja anahitaji maelezo marefu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo nilipowahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita, katika lindo jingine ambalo sitalitaja, niliandika ripoti iliyokuwa na jina la mtumishi wa mteja, nikaituma kwenye anwani ya barua pepe ya ofisi ya ghala kama tulivyozoea. Sikujiuliza nani huifungua anwani ile kila asubuhi. Aliyeifungua alikuwa mtumishi yuleyule niliyemtaja. Kufikia mchana alikuwa amekwisha kujua nani aliyemsema, na kijana aliyeniamini akanipa habari hakuonekana tena kazini. Mali haikupatikana. Tangu siku hiyo sitaji cheo cha mpokeaji bila kuuliza ni mkono wa nani unaofungua bahasha yake, nani anachapa majibu yake, na simu yake hukaa mezani kwa nani.

Kwa ghala letu la Kibirizi, basi, mteja atapata nakala kwa kupitia mtu aliye juu ya kila mwenye ufunguo. Meneja wa ghala ana ufunguo, karani ana ufunguo, na kwa hiyo wote wawili wanarukwa kwa sasa, hata kama meneja hatuna neno juu yake. Nakala inakwenda kwa mkurugenzi mwenyewe, mkononi, kwa sababu yeye ndiye mwenye mali, ndiye atakayeamua kubadilisha makufuli, na ndiye atakayeiarifu kampuni ya bima ikiwa mzigo una bima. Sisi hatupeleki chochote bima, kwa kuwa mkataba wao ni wake, si wetu.

Afisa rasilimali watu anapata taarifa ya ajali peke yake. Anaihitaji ili mlinzi atibiwe na ili Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, uarifiwe chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Taarifa hiyo isisubiri uchunguzi wa wizi, maana wizi unaweza kuchunguzwa miezi mingi na fidia ina muda wake. Kwa kuwa mlinzi ameumia katika tukio la jinai, ninampitisha polisi achukue fomu namba 3, ambayo wengi tunaiita PF3, kisha nakala yake inaambatishwa kwenye taarifa hii.

Mhasibu hapati kitu kwa sasa, kwa kuwa hana malipo ya kufanya hadi madai yatakapowasilishwa. Mwenyekiti wa mtaa anaarifiwa kwa mdomo kwamba watu wawili walipita ufukoni usiku na mizigo, ili awaulize wakazi, lakini hapewi karatasi. Walinzi wa malindo mengine nao hawapewi nakala. Wakati wa kukabidhiana zamu ninawaambia wakague makufuli kwa kuyashika kwa mkono, si kwa kuyamulika tochi kutoka mbali, na hilo ndilo wanalolihitaji.

Hatua ya tatu: amua kama ni SIRI

Ninaandika SIRI ikiwa moja kati ya mambo matatu lipo: kuna mtu atakayeweza kudhuriwa habari ikitoka, kuna ushahidi unaoweza kuondolewa, au karatasi inaeleza udhaifu wa lindo ambao bado haujazibwa. Kiambatisho cha Kibirizi kina yote matatu. Taarifa ya ajali ni SIRI kwa sababu nyingine, nayo ni kwamba hali ya afya ya mtu ni taarifa binafsi nyeti katika Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ripoti ya tukio yenyewe si SIRI. Inatosha kuiandika "Kwa matumizi ya ndani".

Aibu ya kampuni si sababu. Nimeombwa zaidi ya mara moja kuweka neno SIRI kwenye ripoti ili mteja asijue kwamba mlinzi wetu alikuwa amelala, na nimekataa, kwa kuwa mteja ndiye anayelipia ulinzi ule na ndiye mwenye hasara. Zaidi ya hayo, neno hilo halizuii amri ya mahakama wala upelelezi wa polisi. Kazi yake ni kumwelekeza anayeishika karatasi namna ya kuitunza, basi. Na ukiligonga juu ya kila ripoti, baada ya miezi michache hakuna karani atakayelijali siku litakapokuwa na maana.

Hatua ya nne: weka alama, kabidhi, andika

Neno SIRI linakaa juu na chini ya kila ukurasa, si kwenye jalada tu, kwa sababu kurasa huachana. Kila nakala inapewa namba. Kiambatisho kinaingia kwenye bahasha ya ndani iliyofungwa kwa gundi, yenye neno SIRI na jina la mtu, kisha bahasha hiyo inaingia kwenye nyingine isiyo na alama yoyote zaidi ya anwani, ili mhudumu anayeibeba asijue amebeba nini. Picha ya ukurasa haitumwi WhatsApp, hata kwa meneja, maana ikishaingia kwenye kundi la wasimamizi huwezi kuirudisha.

Mwisho wa kiambatisho ninaandika maneno haya:

"SIRI. Nakala Na. 2 kati ya 3. Sababu: usalama wa shahidi na ushahidi unaotafutwa. Wapokeaji: 1. Polisi, apeleleze. 2. Meneja wa operesheni, abadilishe zamu na kuongeza mlinzi. 3. Mkurugenzi wa mteja, abadilishe makufuli. Usiri upitiwe upya baada ya siku 30."

Siku hizo 30 ni chaguo langu, wala si sheria. Zikifika ninamuuliza mpelelezi kama shahidi amekwisha kuhojiwa, na ninakagua kama makufuli yamebadilishwa. Yote mawili yakiwa tayari, orodha ya funguo inaondolewa usiri na meneja wa ghala anapewa nakala, kwa kuwa sasa ana kazi ya kuifanyia: kuandaa daftari jipya la funguo. Maneno ya mpagazi yanabaki SIRI hadi kesi iishe, na kwenye kitabu cha kukabidhi nyaraka ninaandika tarehe, namba ya nakala na saini ya aliyepokea, pamoja na kile kilichoondolewa na kile kilichobaki.