Mtoto wangu, mwanangu, kwake: lini uache nafasi?

Unaposhuku kama kimilikishi kiandikwe peke yake au kiunganishwe na neno lililotangulia, kitenge na uone kama kinaweza kusimama chenyewe. Katika "mtoto wangu", neno "wangu" linasimama, kwa kuwa twaweza kusema "huyu ni wangu", basi nafasi huachwa. Katika "mwanangu", ukiondoa "mwana" hubaki "-ngu", kipande kisichosimama, hivyo huunganishwa. Vivyo hivyo "mumewe", "nduguye" na "babake". Ufupisho huo huyahusu zaidi majina ya jamaa na watu wa karibu, na hakuna anayeandika "kitabungu".

Ugumu mkubwa, nionavyo, uko kwenye "kwake", ambayo wengi huikata ikawa "kwa ke" au "kwa ake" kwa kudhani ina "kwa" ya kawaida, ilhali hapo "kw-" ni kiambishi cha mahali kilichobandikwa kwenye shina "-ake". Kwa hiyo "Nilienda kwa ke na mwanawangu" husahihishwa kuwa "Nilienda kwake na mwanangu", ingawa "mwana wangu", kwa maneno mawili, nayo ni sahihi.