Somo: Kutunga beti za ibada kwa picha ya shamba, uvuvi na soko

Katika somo hili nitachukua picha moja tu, ya wavu wa mvuvi uliotoboka, na kuifuata tangu jambo ninalotaka kusema hadi beti zilizo tayari kuimbwa. Njia ni ile ile kwa mtunzi wa kaswida na kwa mtunzi wa nyimbo za kwaya, na ukiielewa kwa wavu utaweza kuitumia kwa jembe au kwa mizani ya sokoni.

Hatua ya kwanza: sema jambo lako kwa sentensi moja isiyo na picha.

Watunzi wengi huanza na picha kwa sababu inapendeza, kisha huutafutia ujumbe mahali pa kukaa. Matokeo yake ni wimbo wenye mbegu, mashua na mizani katika ubeti mmoja, na msikilizaji anabaki akihesabu vyombo badala ya kusikia neno. Sentensi yangu ilikuwa hii: mtu anayeomba huku amemwekea ndugu yake kinyongo hapati raha ya maombi yake. Wasomaji wa Injili watakumbuka Mathayo 5:23–24, pale mtu anapoambiwa aiache sadaka yake mbele ya madhabahu, akapatane kwanza na ndugu yake.

Kabla ya kutafuta picha niliandika ubeti mkavu wa utenzi, mizani nane kwa kila mstari, ili nione upungufu wake kwa macho yangu:

Utuondoe kinyongo,
Tuachane na uongo,
Uyanyooshe malengo,
Tupate zako baraka.

Vina vimetimia na mizani imetimia, lakini hakuna kitu ambacho mkono unaweza kukishika. Mstari wa tatu umeletwa na kina, haukuletwa na maana. Ubeti wa namna hii huimbwa vizuri na kusahaulika kabla watu hawajafika mlangoni.

Hatua ya pili: tafuta kazi ambayo ndani yake kuna kosa linalofanana na kosa unalolisema.

Wengi hukosea hapa, kwa kuwa hutafuta kitu kinachofanana na jambo, ilhali kinachohitajika ni tendo linalofanana nalo. Kinyongo kama kitu kinaweza kufananishwa na mwiba, jiwe, giza au sumu, na yote hayo yamekwisha kuimbwa mpaka yamechakaa. Kinyongo kama tendo ni jambo jingine: ni kujua kwamba pana kasoro ndogo, kuiacha kwa kuwa leo unaona uvivu kuishughulikia, kisha kufanya kazi kubwa ambayo kasoro hiyo inaipoteza. Nikajiuliza ni nani hupatwa na hasara ya namna hiyo. Mkulima aliyeacha palizi ipite wakati wake angefaa. Mchuuzi ambaye gunia lake lina tundu angefaa pia. Nikamchagua mvuvi, kwa sababu kushona nyavu ni kazi ya kukaa chini kwa utulivu, na kusamehe nako kunataka utulivu huo huo.

Hatua ya tatu: mpelekee mwenye kazi maneno yako kabla hujayapa sauti.

Ubeti wangu wa kwanza wa picha ulikuwa huu:

Wavu nimeutandaza
Usiku mzima giza,
Asubuhi nachunguza,
Tundu moja lanicheka.

Niliupenda sana mstari wa nne, na bado naupenda. Nilimsomea mvuvi mmoja mzee, naye akanisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, kisha akasema: "Mwanangu, wavu wa kutega ukiwa na tundu moja utakosa samaki wawili watatu, hutakosa riziki ya usiku mzima. Samaki wa wavu ule hunaswa mmoja mmoja, kila mtu na jicho lake. Tundu linalomaliza kila kitu ni la mfukoni."

Alikuwa akiutofautisha wavu unaosimama majini na samaki wakajinasa wenyewe kwenye macho yake, na wavu wa kukokota, ambao huwakusanya samaki na kuwasukumia kwenye mfuko ulio mwishoni. Mfuko ukipasuka, wote waliokusanywa hutokea hapo hapo. Tena akaniongezea jambo ambalo sikulijua: jicho moja likikatika, uzito wote huyaangukia macho ya jirani, na kila unapovuta tundu huzidi kupanuka. Kwangu mimi hilo lilikuwa zawadi, kwa sababu kinyongo nacho hupanuka hivyo, kikavunja urafiki wa pembeni ambao haukuhusika.

Basi nikaubadilisha ubeti wa kwanza na kuongeza miwili:

Wavu nimeukokota,
Kamba mabega zakata,
Mfukoni sikupata,
Tundu moja lanicheka.

Jana nilishaliona,
Sikuketi kulishona,
Leo samaki hakuna,
Na jasho limemwagika.

Na moyo una kinyongo,
Ndugu nampa mgongo,
Dua zapita kwa pengo,
Mola, uzi naushika.

Angalieni mahali ujumbe ulipotokea. Beti mbili za mwanzo hazina hata neno moja la dini. Zinasimulia kazi, na anayesikiliza amekwisha kumhurumia mvuvi kabla hajajua kwamba mvuvi ni yeye. Neno "kinyongo" linakuja mara moja tu, katika ubeti wa tatu, na sikuandika popote kwamba "wavu ni moyo" au "samaki ni baraka". Ukieleza picha yako ndani ya wimbo umemwambia msikilizaji kwamba humwamini. Ukiona vigumu kujizuia, basi kiache kiitikio kiseme wazi, kwa maana kiitikio ndicho watu wanachoondoka nacho:

Nifundishe kusamehe,
Nishone tundu la moyo.

Hatua ya nne: baki katika kazi ile ile mpaka mwisho wa wimbo.

Ukiwa na wavu, kaa na wavu. Uzi, kamba, mfuko, jicho na pwani vinatosha kukulisha beti kumi. Ukihamia shambani katikati ya wimbo, msikilizaji aliyekwisha kujiona majini atalazimika kutoka, ajikaushe, ashike jembe, na wakati huo mistari miwili imempita.

Ndani ya kazi hiyo moja utaratibu wake uheshimiwe. Niliwahi kuandika katika wimbo wa mavuno kwamba "nikapepeta, kisha nikapura", kwa sababu tu kina kilidai hivyo. Mama mmoja wa safu ya nyuma alicheka kwa sauti wakati wa mazoezi. Nafaka hupurwa kwanza ili punje zitoke katika masuke, ndipo hupepetwa ili makapi yapeperuke. Ukigeuza, unapepeta masuke mazima. Siku ile waimbaji hawakuusikia tena ujumbe wa hukumu niliokusudia, walibaki na kicheko.

Hatua ya tano ni fupi: uimbe wimbo kwa mtu asiyejua unachotaka kusema, kisha umwombe akusimulie alichokiona. Akikwambia alimwona mtu anavuta kamba, umefika. Akikwambia "ni wimbo mzuri wa kusameheana" bila kutaja wavu, picha haikufanya kazi, na ungeweza kuuandika ule ubeti mkavu ukapata jibu hilo hilo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi naongoza kwaya ya vijana ambao hawajawahi kushika wavu. Je, picha ya uvuvi haitawapita?

Marahaba. Itawapita ikiwa utategemea maneno ya ndani ya kazi, mathalani bamvua na maji mafu, ambayo asiyekaa pwani hawezi kuyakisia. Haitawapita ikiwa utategemea sehemu ya kazi ambayo mikono yao inaifahamu. Kila kijana amewahi kuona mfuko uliotoboka na kitu kikidondoka njiani, na kila mmoja amewahi kuahirisha kushona nguo iliyofumuka. Mimi huruhusu neno moja la kitaalamu kwa ubeti, na ninataka maneno yanayolizunguka yalieleze. Katika beti za hapo juu neno "mfukoni" lina maana maalumu kwa mvuvi, lakini asiye mvuvi analielewa bila msaada.

Swali: Ndugu mtunzi, katika kaswida yangu ya soko nimemfananisha Mwenyezi Mungu na tajiri anayenunua amali zetu. Wazee wameninong'oneza kwamba haifai. Kosa liko wapi?

Kosa haliko katika soko lenyewe. Kurani inazungumza kwa lugha hiyo: Sura ya 83, Al-Mutaffifin, inaanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo, na aya ya 261 ya Sura ya Al-Baqara inamfananisha anayetoa mali yake na punje moja inayootesha masuke saba, kila suke lina punje mia. Agano la Kale nalo, katika Mithali 11:1, linaikataa mizani ya hadaa. Tatizo huja pale msikilizaji anapoichukua picha mbali kuliko ulivyokusudia. Mnunuzi wa sokoni hushusha bei, hukosoa bidhaa, na huweza kuondoka akanunue kwa mwingine. Ukimweka Mola mahali pake, hayo yote yanamfuata. Ningekushauri umwache mwanadamu awe ndiye mchuuzi, na uitazame mizani yake: anapopima huku kidole kimekandamiza sahani, nani anamwona? Swali hilo linafanya kazi yote, na halimshushi Mwenyezi Mungu hadhi. Nawe kama mtunzi unalo la ziada, kwamba neno "mizani" ni la sokoni na ni la ushairi pia, ingawa ni heri ulitumie mara moja tu, kwa maana mchezo wa maneno ukirudiwa huchosha.

Swali: Nimeandika mstari "Mola tunase mioyo, kama samaki wavuni". Mwenzangu anasema mstari huu unatisha. Nimeukataa ushauri wake, lakini sina raha.

Mwenzako amefikiri hatua moja mbele yako: samaki aliyenaswa hufa. Hilo ndilo jaribio ninaloliita "kisha nini". Kila picha iulize kinachofuata katika kazi ile, hata kama wimbo hautakifikia, kwa kuwa mwenye kazi atakifikia tu. Mbegu ikizikwa huota, kwa hiyo inaweza kubeba matumaini. Samaki akivuliwa hupaliwa magamba. Katika Luka 5 Simoni anaambiwa kwamba atakuwa akivua watu, lakini pale picha imewekwa juu ya kazi ya mvuvi na wingi wa mavuno yake, haikuwekwa juu ya kinachompata samaki. Geuza mstari wako uwe upande wa anayevuta: "Mola tuvute pamoja, kamba moja na pwani." Uhesabu vizuri mizani ya nusu ya pili, kwa sababu nimekuachia saba.