Kabla hujagawanya polinomia kwa moduli 7

Jumamosi iliyopita kijana wa jirani, mwaka wa kwanza chuoni, alinikuta barazani Sinza akiwa na kurasa tatu za mgawanyo usioisha. Aliambiwa atafute mizizi ya 14x⁴ + 9x³ − 2x² + 10x − 3 kwa moduli 7. Kugawanya anajua, ila alianza kabla ya kuandaa namba zake.

Kwanza kabisa, kila kizigeu kigeuzwe kuwa baki lake baada ya kugawanya kwa 7. Hapo 14 inakuwa 0. "Sasa kaka, x⁴ imeenda wapi?" Haipo; hii ni polinomia ya daraja la tatu, na kurasa zake zote tatu zilikuwa zikihangaika na kichwa kisichokuwepo. Zile hasi humalizwa kwa siku za juma: kurudi nyuma siku mbili kutoka Jumamosi ni Alhamisi, na kwenda mbele siku tano ni Alhamisi ileile, kwa hiyo −2 ni 5. Inabaki 2x³ + 5x² + 3x + 4. (Ukitumia kompyuta, angalia lugha: `-2 % 7` kwenye Python hutoa 5, kwenye C hutoa −2.) Vipeo usiviguse. x⁷ na x hutoa thamani sawa kwa kila namba hapa, lakini kwenye mgawanyo ni vitu viwili tofauti.

Pili, andika pembeni jozi zinazozidishwa zikatoa 1: 2 na 4, 3 na 5, 6 na yenyewe. Hapa hakuna sehemu kama nusu. Kugawanya kwa 2 ni kuzidisha kwa 4. Jozi hizi zipo kwa sababu 7 ni namba tasa. Kwa moduli 6, namba 2 haina mwenzake, na x² + x ina mizizi minne: 0, 2, 3 na 5.

Baada ya hapo kazi ni fupi, maana za kujaribu ni namba saba tu. Weka 1: 2 + 5 + 3 + 4 = 14, yaani 0. Gawanya kwa x − 1 ukishusha vizigeu: 2; kisha 2 + 5 = 0; 0 + 3 = 3; 3 + 4 = 0. Baki ni sifuri, kama inavyotakiwa. Lingetoka jingine, ungerudi kukagua hesabu. Jibu ni 2x² + 3, na ile 0 ya katikati usiiruke unapoandika. Sasa 2x² + 3 = 0, yaani 2x² = −3 = 4; zidisha kwa 4 upate x² = 2, ambayo inatimizwa na 3 na 4. Mizizi ni 1, 3 na 4.

Ukijaribu zote saba ukakosa, usikimbilie kusema haigawanyiki. Daraja la pili na la tatu, sawa. La nne linaweza kukudanganya: x⁴ + 2x² + 1 haina mzizi kwa moduli 7, ilhali ni (x² + 1)(x² + 1).