Mdomo usalimie, miguu ibaki palepale

Ukimwambia mtoto tu "usiongee na usiyemjua", atamnyima shikamoo hata jirani, halafu amfuate mtu yeyote anayelijua jina lake. Mimi namfundisha kwa miguu. Tukiwa pamoja, amsalimie yeyote. Akiwa peke yake, aitikie salamu kutoka hapo alipo, asisogee. Mtu mzima akisema "njoo unisaidie kumtafuta paka wangu" au "mama kanituma nikuchukue", akimbie kuniuliza kwanza, maana mkubwa mwenye shida huomba msaada kwa wakubwa wenzake. Igizeni nyumbani, wewe ukiwa huyo mgeni mwenye pipi. Wangu mara ya kwanza alinifuata huku akicheka. Mara ya tatu ndipo alipokimbilia kwa mama yake.