Saa 20 za Uingereza, kabla hujauza shamba

Jumapili hapa Moshi nilikaa na binamu yangu anayekwenda kusoma uzamili Uingereza. Mpango wake ulikuwa alipe ada tu, chakula na pango atavipata kwa kibarua. Tukatoa kalamu.

Visa ya mwanafunzi wa shahada inaruhusu saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na wiki ni Jumatatu hadi Jumapili. Hakuna kufidia: ukifanya saa 23 wiki hii na 15 ijayo, tayari umevunja sharti. Ukiwa na vibarua viwili, saa zinajumlishwa. Kuendesha baiskeli ya kusambaza chakula kama mtu aliyejiajiri hakuruhusiwi kabisa.

Mtego wa uzamili ni kiangazi. Wa shahada ya kwanza wako likizo, wanafanya saa zote. Wewe unaandika tasnifu, na kwako hayo bado ni masomo. Saa 20 zilezile.

Kima cha chini tangu Aprili 2025 kilikuwa paundi 12.21 kwa saa kwa mwenye miaka 21 na zaidi. Zamu hazitabiriki, kwa hiyo tulikadiria saa 12 kwa wiki: paundi 146, au kama 630 kwa mwezi. Nje ya London, uhamiaji wenyewe wanataka uonyeshe paundi 1,171 kwa kila mwezi, hadi miezi 9, na mshahara unaoutegemea huko hauhesabiki. Yaani kibarua kinafika nusu, tena baada ya kukipata; wiki za mwanzo unakula ulichobeba.

Binamu ameahirisha hadi mwakani.