Kadi ya nyumbani ikikataliwa ndani ya apu: anza kwa kuuliza kama benki imeuona mwamala

Uko Qatar na kadi ya benki ya Kenya. Pesa ipo kwenye akaunti, kadi haijaisha muda, na juzi tu ulitoa riyali kwenye ATM ya Doha bila tatizo. Unafungua App Store ulipie apu, na simu inakujibu: "Your payment method was declined". Wengi hapo hurudia kubonyeza, kisha huandika namba za kadi upya, kisha humlaumu Apple au benki kwa kubahatisha. Yote hayo yaache kwanza. Jambo la kujua mapema ni nani aliyekataa: duka la apu lenyewe, au benki yako.

Kujua si kazi kubwa. Benki ikikataa, mwamala unakuwa umefika kwao, kwa hiyo mara nyingi utapata meseji au taarifa kwenye apu ya benki. Hata usipopata, mhudumu akitazama mfumo wa kadi atauona, na saa yake. Duka likikataa lenyewe, benki haina habari kabisa. Hilo hutokea hasa pale nchi ya akaunti yako ya Apple inapokuwa tofauti na nchi iliyotoa kadi: akaunti ni ya Kenya nawe unataka kuweka kadi uliyopewa Qatar. Hapo hata ukipiga simu benki zote mbili hutasaidiwa, kwa sababu hakuna walichokataa.

Nitashika upande wa benki, maana ndio unaowasumbua wengi: kadi ya Kenya, akaunti ya Apple ya Kenya, mwenyewe yuko ughaibuni.

Chukua mfano wa dada wa Mombasa anayefanya kazi Doha. Sehemu ya mshahara wake anaituma nyumbani, na kwenye akaunti ya Kenya ameacha shilingi 40,000. Anataka kulipia apu ya masomo kwa mwaka mzima, dola 79.99. Kadi yake ni ya Visa, ya shilingi. Amebonyeza, imekataliwa.

Anapiga simu benki. Mhudumu anamuuliza yuko wapi, anajibu Qatar. "Sawa dada, nimekufungulia Qatar, jaribu sasa." Anajaribu, inakataliwa vilevile, naye anabaki kuamini kwamba mhudumu hakufanya kitu. Alifanya, ila alifungua mlango usiohusika. Ununuzi wa App Store hauhesabiwi umefanyika pale uliposimama na simu yako. Benki hutazama muuzaji yuko nchi gani, na Apple huuza kwa wateja wa sehemu kubwa ya dunia, Afrika ikiwemo, kupitia kampuni yake iliyoko Cork, Ayalandi. Kwenye taarifa ya akaunti utaona APPLE.COM/BILL. Kwa hiyo, kwa macho ya benki ya Nairobi, yule dada hakununua kitu Qatar. Amenunua mtandaoni kutoka Ayalandi. Angekuwa amekaa kwao Likoni jambo lingekuwa lile lile, na ndiyo maana wapo watu nyumbani wanaokataliwa mwamala wa kimataifa ilhali hawajawahi kupanda ndege.

Ruhusa ya kadi, basi, ina sehemu mbili. Ya kwanza ni njia: ATM, mashine ya malipo dukani, au mtandaoni. Ya pili ni mahali: ndani ya nchi au nje. Kadi inaweza kuwa wazi kwa ATM za nje na bado ikawa imefungwa kwa manunuzi ya mtandaoni ya nje, na kadi nyingine hutolewa hivyo tangu mwanzo, kwa sababu wizi wa namba za kadi hufanyika zaidi mtandaoni. Kwa hiyo yule dada kutoa riyali ATM hakukuthibitisha lolote kuhusu App Store.

Baadhi ya benki zimeweka vitufe hivi kwenye apu zao, chini ya sehemu ya kadi, nawe unafungua mwenyewe. Majina hutofautiana; tafuta kinachotaja manunuzi ya mtandaoni na kinachotaja matumizi ya nje ya nchi, na uhakikishe vyote viwili viko wazi. Kama benki yako haina vitufe, itabidi uongee nao. Namba za bure zinazoanza na 0800 kwa kawaida hazipatikani ukipiga kutoka nje, kwa hiyo tumia ile yenye +254 iliyochapwa nyuma ya kadi, au barua pepe uliyosajili kwao. Usiseme tu "kadi yangu haifanyi kazi". Sema hivi:

"Nimejaribu kulipa Apple leo saa tatu na dakika kumi usiku, saa za Kenya. Mwamala umeonekana kwenu? Umekataliwa kwa sababu namba ngapi? Naomba mnifungulie manunuzi ya mtandaoni kwa wauzaji walio nje ya Kenya, si kwa Qatar pekee."

Hilo swali la namba ndilo lenye faida kuliko yote. Kila mwamala unaokataliwa hurudi na namba ya sababu yenye tarakimu mbili, na mhudumu wa kitengo cha kadi anaiona. 57 ni kwamba kadi hairuhusiwi mwamala wa aina hiyo. Huo ndio mlango uliofungwa. 61 ni kwamba kiasi kimepita ukomo. 51 ni salio halitoshi. 05 haielezi chochote, ni benki kusema hapana bila kutaja kisa, na mara nyingi nyuma yake kuna mfumo wa kuzuia wizi. Mhudumu wa kwanza anayepokea simu huenda asiione. Muombe akuunganishe na watu wa kadi.

Turudi kwa dada wa Doha. Amepiga tena, safari hii wamemfungulia mtandaoni. Anaondoa kadi kwenye akaunti ya Apple na kuiweka upya, inakubali. Meseji inaingia: dola moja imeshikiliwa. Hiyo ni njia ya duka kupima kama kadi iko hai, na pesa hiyo huachiwa yenyewe baada ya siku chache. Anabonyeza kununua: imekataliwa.

Dola moja imepita, dola 79.99 zimegoma. Ukiona hivyo, acha habari ya kufungiwa, maana mlango uko wazi. Kilichobaki ni kiasi. Benki yake ilimwekea ukomo wa shilingi 10,000 kwa siku kwa manunuzi ya mtandaoni, ingawa ATM anaweza kutoa mara nne ya hapo. Kwenye App Store ya Kenya bei ni za dola, hivyo piga hesabu: tuseme dola ni shilingi 130, 79.99 inakuwa 10,399. Benki nyingi huongeza asilimia kadhaa za kubadilisha fedha. Ikiwa ni 3.5, jumla inafika karibu 10,763. Kiwango cha dola unachokiona kwenye intaneti si kile benki inachotumia, kwa hiyo usipimie ukomo wako kwenye hesabu ya kubana. Akiomba aongezewe hadi 11,000, dola ikipanda kidogo atarudi pale pale. Aombe 15,000.

Hapa ndipo kurudia kubonyeza kunapoumiza. Kuna benki zinazohesabu pia idadi ya miamala kwa siku, na majaribio mengi yaliyofeli kwa muda mfupi hufanana sana na mwizi anayejaribisha kadi. Ulianza na 61, unajikuta na 05, na sasa kadi imefungwa yote, hata ATM. Ikikataliwa mara mbili, simama. Ukomo wa siku katika benki nyingi huanza upya saa sita usiku kwa saa za benki, si zako. Doha na Nairobi wanakwenda sawa, lakini Maskati wako mbele saa moja, na aliye Toronto wakati wa kiangazi atasubiri hadi saa kumi na moja jioni yake.

Kuna kizuizi kingine kinachofanana na hivi nacho si ukomo wala kufungiwa. Apu nyingine, hasa za tiketi na usafiri, hutaka uthibitishe kwa OTP, na OTP inatumwa kwa laini ya Kenya iliyo kwenye droo nyumbani kwa mama. Muda unaisha, apu inaandika malipo yameshindikana, nawe unadhani benki imekataa. Dalili yake ni ukurasa wa Visa au Mastercard unaosubiri namba kabla ya kushindwa. Weka laini hiyo kwenye simu yako ikiwa na huduma ya nje, au uliza kama benki inaweza kukuthibitisha kupitia apu yake. Laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, na hapo OTP zako zitamwendea mgeni. Itie vocha kila mara.

Wengine hushauri njia ya mkato: badilisha nchi ya akaunti ya Apple iwe Qatar, utumie kadi ya huko. Inawezekana, ila lazima kwanza umalize salio lililo kwenye akaunti, ufute usajili ulio hai, na utoke kwenye kundi la familia kama umo. Google Play nako nchi hubadilishwa mara moja tu kwa mwaka. Isitoshe, apu za nyumbani ambazo haziuzwi duka la huko hazitakuja tena na masasisho kwa urahisi, na apu ya benki isiyosasishwa siku moja hukataa kufunguka. Kwa mtu wa mkataba wa miaka miwili sioni faida yake. Aliyehamia moja kwa moja, ana kadi ya huko na mshahara unaingia huko, afanye.

Mwenye laini ya Safaricom inayofanya kazi ana njia ya pembeni: kadi ya Visa ya kidijitali ya M-Pesa, iliyoanzishwa mwaka 2022 kwa jina la M-Pesa GlobalPay, inayotengenezwa kwenye apu ya M-Pesa na kukata pesa kwenye salio la M-Pesa. Kwa ununuzi wa mara moja inafaa. Kwa malipo yanayojirudia, kumbuka salio lazima liwepo siku ya makato, na watu wengi hawaachi pesa ikae M-Pesa.

Na hilo la kujirudia lisikupite. Ukomo ulioongezewa kwa simu mara nyingi ni wa muda, siku moja au wiki, kisha hurudi ulipokuwa. Yule dada amelipa leo, lakini mwaka ujao Apple itaomba zile dola 79.99 tena usiku wa manane bila kumuuliza, na itakuta ukomo ni 10,000. Kabla ya kukata simu na benki, aulize kama nyongeza ni ya kudumu. Kama si ya kudumu, ni afadhali achague malipo ya kila mwezi hata kama kwa mwaka yanazidi kidogo, au aandike tarehe ya makato kwenye kalenda ya simu na kuomba nyongeza siku mbili kabla.