Jinsi ya kuhakiki bili ya hoteli yenye VAT, ada ya huduma na tozo ya utalii (Kenya)

Kabla hujagusa kikokotoo, rudi kwenye menyu usome maandishi madogo ya ukurasa wa mwisho. Hoteli nyingi za Mombasa na Nairobi huandika pale kwamba bei zinajumuisha VAT asilimia 16, tozo ya utalii asilimia 2 na ada ya huduma, mara nyingi asilimia 10. Ikiwa ndivyo, jumla ya bei za menyu ndiyo unayolipa, basi.

Tuseme mezani palikuwa na pilau ya kuku 6 kwa shilingi 1,280 kila sahani, samaki wa kupaka 2 kwa 1,920, na juisi za ukwaju 4 kwa 320. Anza na idadi: hesabu sahani zilizofika kweli, maana makosa mengi yako hapa, kitu kimepigwa mara mbili au oda ya meza ya jirani imeingia kwenu. Zikitimia, 7,680 na 3,840 na 1,280 zinafanya 12,800.

Sasa shuka chini kwenye mchanganuo. Asilimia 16, 2 na 10 ni 28, kwa hiyo gawanya 12,800 kwa 1.28. Unapata 10,000, bei halisi kabla ya nyongeza zote. Kutoka hapo VAT ni 1,600, tozo ya utalii (kwenye risiti huandikwa CTL) ni 200, na ada ya huduma ni 1,000. Usichukue asilimia 16 ya 12,800. Utapata 2,048 na kumgombeza mhudumu bure.

Ukiona VAT imeandikwa 1,760, ujue ada ya huduma imeongezwa kwanza, kisha kodi ikapigwa juu ya 11,000. Sheria ya VAT ya mwaka 2013 inaiacha nje ada hiyo pale inapolipwa badala ya bakshishi za wafanyakazi na isipozidi asilimia 10. Shilingi 160 ni ndogo kwa meza moja, lakini kwa bili ya harusi si kidogo.

Kosa zito zaidi ni ada kurudiwa: chini ya 12,800 unakuta mstari wa asilimia 10, yaani 1,280, na jumla imekuwa 14,080. Hapo mwonyeshe keshia menyu, umwambie kwa upole, “Samahani, huduma si imo tayari kwenye bei?”

Mwisho skani msimbo wa QR ulio kwenye risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti wa mamlaka ya mapato, KRA. Ukurasa wa KRA unaofunguka uonyeshe kiasi kilekile ulicholipa. Karatasi isiyo na msimbo huo huwa ni bili ya muda tu, kwa hiyo omba risiti yenyewe. Kama marekebisho yamefanywa, yafanyike kwenye mfumo na upewe risiti mpya. Kukatwa kwa kalamu juu ya ile ya zamani hakubadilishi kilichofika KRA.